Anza na mstari wa maji, vichwa vitafuata

*Habari fundi. Nina studio ndogo hapa Kondele. Tulipiga familia picha kule Dunga, mama na mabinti zake wawili, ziwa likiwa nyuma. Kaka yao yuko kazini Nakuru, akanitumia picha ya simu nimwingize upande wa kulia, nyuma yao kidogo. Nilimpa urefu kwa kumlinganisha na dada zake, akawa jitu. Nikampunguza mpaka vichwa vikalingana, sasa mama yake anasema nimemfupisha mwanawe, na tena anaonekana kama amesimama kwa ncha za vidole. Picha ni pikseli 6000 kwa 4000, kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 35. Dada mkubwa ana mita 1.65, kaka ana 1.83. Nakosea wapi?*

Dada, mama ana macho makali. Nimefungua faili yako, na kabla sijamgusa huyo kaka nimetafuta mahali maji ya ghuba yanapokutana na ufuo wa ng'ambo. Ni pikseli 1300 kutoka juu ya picha. Mstari huo unapita puani mwa dada mkubwa, na hapo ndipo hesabu yote inapoanzia.

Mstari huo ndio upeo wa macho, nao hukaa sawa na urefu wa kamera. Kilicho juu kuliko kamera huonekana juu ya mstari huo, kilicho chini kuliko kamera huonekana chini yake, kiwe karibu au mbali. Kwa hiyo, kama watu wote wamesimama kwenye ardhi tambarare, mstari unamkata kila mmoja kwa kimo kilekile kutoka ardhini. Dada wa mita 1.65 akikatwa puani, kamera yako ilikuwa kama mita 1.5 kutoka chini. Basi hata kaka lazima akatwe kwenye mita 1.5 ya mwili wake. Kwa mtu wa 1.83 hapo si puani tena, ni mabegani. Ulipolinganisha vichwa, ulimpunguza mpaka maji yakampita usoni kama dada yake, na ndivyo ulivyomla sentimita zake.

Tuweke namba. Nyayo za dada ziko pikseli 2100 chini ya mstari wa maji. Pikseli hizo ni mita 1.5, kwa hiyo pale alipo yeye mita moja ni pikseli 1400. Kaka umemweka nyayo zikiwa kwenye 2800, yaani pikseli 1500 chini ya mstari. Gawanya kwa 1.5, na mita moja pale nyuma ni pikseli 1000 tu. Urefu wake basi ni pikseli 1830, na utosi wake unafika kwenye 970, juu kidogo ya utosi wa dada ulio kwenye 1090. Mara ya kwanza ulimpa pikseli 2562 kwa kutumia kipimo cha dada, na pale nyuma hizo ni mita mbili na nusu. Mara ya pili ukampa 1710. Sentimita kumi na mbili zimepotea, na mzazi wake ameziona bila rula.

Unapopima, usianzie kwenye ncha ya kiatu. Ncha iko karibu zaidi na kamera, kwa hiyo hushuka chini kuliko kisigino. Pima kutoka katikati ya nyayo mbili, pale uzito wa mwili unapokaa. Na kabla ya kuandika 1830 kwenye kisanduku cha urefu, kata nafasi tupu iliyobaki juu na chini ya tabaka lake, maana programu hupima tabaka zima.

Mstari ni wa maji, si wa vilima. Nalisema kwa sababu liliwahi kuniumbua. Nilikuwa namwingiza mjomba kwenye picha ya harusi iliyopigwa ndani ya ua Nakuru, Menengai ikionekana nyuma, nikachukua mgongo wa mlima kuwa upeo. Mlima uko juu kuliko kamera, kwa hiyo mstari wangu ulikuwa juu mno, na mjomba aliyesimama mbali akatoka mkubwa kuliko bwana harusi. Picha ikarudishwa. Pasipo na maji, fuata mistari ya kabro au ya ukuta: mistari ya mlalo iliyo sambamba, ukiirefusha kwa penseli kwenye tabaka jipya, hukutana mahali pamoja, na mahali hapo pako kwenye upeo.

Sasa ufuo wenyewe, maana una mteremko. Hesabu yangu inadai kwamba pale nyuma pako sawa na pale mbele. Tuseme mchanga umeshuka sentimita 20 kuelekea majini: kutoka nyayo za kaka hadi mstari ni mita 1.7, si 1.5, na urefu wake unashuka hadi pikseli 1615 hivi, huku nyayo zikiwa palepale kwenye 2800. Tofauti hiyo si ya kupuuza. Tafuta kwenye picha zako za siku ile mtu yeyote aliyepita sehemu ile, hata mvuvi anayevuta mashua. Kama mtu mzima wa kimo cha kawaida maji yanampita mabegani au puani, ardhi iko sawa. Kama yanampita kwenye utosi, pale pameshuka, na utumie mvuvi huyo kuwa kipimo chako.

Urefu ukishakaa sawa, vidole bado vitakusumbua, kwa sababu tatizo hilo halitokani na ukubwa. Katika picha yako kaka angekuwa karibu mita 6 kutoka kwenye kamera, na kamera ingeziangalia nyayo zake kwa pembe ya nyuzi 14 hivi, karibu kutoka ubavuni. Aliyempiga kwa simu alisimama kama mita 2, akaziangalia kwa nyuzi 37. Ndiyo maana unaona kamba za viatu na sehemu yote ya juu ya kiatu, ncha zikielekea chini. Ukimweka mtu huyo kwenye mchanga unaoonekana kwa mlalo, atainuka kwa vidole hata ufanyeje. Tena simu iliinamishwa ili miguu iingie, na hilo limefupisha miguu ikilinganishwa na kifua. Kuvuta tabaka kwa Warp kutapinda suruali kabla ya kunyoosha kiatu. Mimi nimeshaacha kujaribu.

Mwombe apigwe upya, ni kazi ya dakika tano. Mpigaji aweke alama ya mita 1.5 ukutani kwa futi ya fundi, ashike simu usawa wa alama hiyo, arudi nyuma hatua kubwa sita, asimamishe simu wima bila kuiinamisha, na kama kaka anaonekana mdogo atumie zuum badala ya kusogea. Kaka asimame kwenye sakafu tambarare, akiwa amevaa viatu vilevile.

Akishindwa kupigwa, usihangaike na vile viatu, vifiche. Msogeze kaka nyuma ya mama, gauni lake lizibe kuanzia magotini, lakini nyayo zake uendelee kuzihesabu kana kwamba zinaonekana, kwa sababu urefu bado unatoka kwao. Ukipata picha mpya, futa pikseli tatu au nne za chini ya soli ili mchanga uzimeze kidogo, uweke na kivuli chembamba cheusi palipogusa, ukielekeze kule vinakoelekea vivuli vya dada zake.