Nifumue rasta kwa ajili ya usaili?

"Dada, niko Texas, nimeitwa usaili benki. Shoga yangu anasema nifumue rasta niweke dawa, eti sivyo sipati kazi. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, usifumue. Tangu Septemba 2023 sheria ya Texas iitwayo CROWN inamkataza mwajiri kukubagua kwa nywele za kusuka, kusokota au dredi. Urefu wa nywele haikuutaja, mwajiri bado anaweza kuulalamikia, kwa hiyo zibane nyuma. Dawa ukishaianza, kila wiki 6 hadi 8 unarudia kwenye mizizi, na ukiipaka kichwa ulichotoka kukuna, inachoma hadi vidonda. Chunguza kingo za paji: ngozi ikianza kung'aa, nywele hapo huenda zisiote tena. Kama wewe mwenyewe unazipenda zilizolainishwa, hayo mengine. Lakini huyo shoga, yeye benki anafanya kazi gani?