Maharage ya kuchemsha yanachacha: niweke dawa gani?

*Nauza maharage ya kuchemsha hapa Dar es Salaam kwa wafanyakazi wasio na muda wa kukaa jikoni. Nachemsha kilo 10 jioni, nayaacha sufuriani yapoe, kisha usiku nayagawa kwenye makopo na kuyaweka friza. Wateja wanalalamika kwamba yana uchachu. Kuna mtu ananiuzia unga wa kuhifadhi chakula. Niweke kiasi gani?*

Usiweke hata chembe, dada yangu. Tatizo lako linaanzia sufuriani, katika saa zile unazosubiri yapoe.

Kilo 10 za maharage makavu zikiiva huzidi kilo 20. Rundo kama hilo likikaa kwenye sufuria moja, juu utagusa uone yamepoa, kumbe katikati bado ni vuguvugu hadi usiku wa manane. Kuchemsha kunaua bakteria wengi, lakini baadhi yao huacha spora, kama mbegu ndogo ngumu, zinazostahimili maji yanayochemka. Joto likishuka chini ya nyuzi 60, spora huamka na kuanza kuzaana. Friza haiwaui, inawasimamisha tu, tena kwa kuchelewa, maana makopo ya moto yaliyobanana hupoa polepole.

Mara tu yakiiva, chuja supu na uyatandaze kwenye masinia, kina kisizidi sentimita 5. Weka masinia juu ya maji yenye barafu, na ugeuze maharage mara kwa mara. Nunua kipimajoto cha kuchoma chakula na upime katikati: yashuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha yafike nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Hapo ndipo ugawe kwenye makopo mafupi na mapana, uyapange kwenye friza yakiachiana nafasi. Kama masinia hayatoshi, chemsha kilo 5.

Sasa huo unga. Nikiulizwa na wauza vyakula, karibu kila mara ni huo huo, na inaniudhi kuona wanavyolaghaiwa. Kihifadhi kinachotumika sana, sodiamu benzoeti, hufanya kazi kwenye vyakula vyenye asidi, kama juisi ya ukwaju au achari. Maharage hayana asidi ya kutosha, kwa hiyo hata ukizidisha kipimo bakteria wataendelea kuzaana. Na hiyo ni endapo kweli ni benzoeti. Unga mweupe usio na lebo, jina la kiwanda wala kipimo, unaweza kuwa chochote, na anayekuuzia hatakuwepo mteja wako akiugua.

Wengine watakuambia mteja akichemsha tena yanakuwa salama. Si kweli. Baadhi ya bakteria hao huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauivunji, na sumu hiyo haina harufu wala ladha. Kwa hiyo maharage yaliyolala sufuriani usiku kucha yamwage, hata kama hayajaanza kunuka.