Mkono ukiwaka, shusha loti

Wadogo zetu wa Lubumbashi mnaotredi dhahabu, kila mwezi ni picha zile zile. Wiki mbili za kwanza grupu la Wasap linajaa skrini za MetaTrader zenye namba za buluu: XAUUSD, XAUUSD, XAUUSD, faida tupu. Wiki ya tatu ukitazama vizuri, safu ya loti, yaani ukubwa wa kila tredi, imeanza kupanda. Wiki ya nne kimya, na anayetafuta mtu wa kumkopesha dola hamsini kwa M-Pesa ni yule yule aliyekuwa anawafundisha wenzake siku chache kabla.

Inauma, kwa sababu wengi wenu chati mnazisoma vizuri. Mbinu mnayo. Kinachokosekana ni kanuni moja ambayo inabidi iandikwe mapema, kichwa kikiwa kimetulia: ukishinda kupita kawaida yako, loti inashuka. Kanuni ya kupunguza baada ya kupoteza wote mnaijua. Hii ya kupunguza baada ya kushinda ndiyo mnaikataa, basi tuipitie polepole.

1. Jua kwanza kawaida yako ni ipi.

Huwezi kusema matokeo yamepita kiasi kama hujui kiasi. Andika kila tredi kwa R, si kwa dola. R moja ni pesa uliyokubali kupoteza wakati unaingia, kwa stopu ya kwanza kabisa, kabla hujaisogeza. Ukiandika kwa dola, loti ikibadilika hesabu yote inakudanganya.

Chukua mbinu ya kawaida: katika tredi 100 unashinda 45, ukishinda unapata 1.5R, ukipoteza unatoa 1R. Katika tredi 20 unategemea kushinda 9. Hiyo ni 13.5R zinazoingia, 11R zinazotoka, zinabaki 2.5R. Ndiyo kawaida yako.

Lakini 20 ni chache, na bahati peke yake inaweza kukusogeza mbali sana. Kwa mbinu hiyo hiyo, bila ujuzi mpya wowote, nafasi ya kushinda 13 au zaidi katika 20 ni karibu 6 katika 100. Kushinda 14 au zaidi ni karibu 2 katika 100. Ni nadra, lakini haishangazi: mtu anayefungua tredi kila siku atazikuta wiki za namna hiyo bila kuwa amebadilika kitu. Ushindi 13 unakupa +12.5R, ushindi 14 unakupa +15R. Mipaka yetu inatoka hapo: jumla ya tredi 20 za mwisho ikifika 12R, loti inakuwa nusu; ikifika 15R, inakuwa robo.

Kwenye Excel ya Kifaransa, ambayo wengi wenu mnayo, weka R katika safu ya F kuanzia mstari wa 2. Mstari wa 21 andika ya kwanza katika G na ya pili katika H, halafu zivute kwenda chini:

```
=SOMME(F2:F21)
=SI(G21>=15;0,25;SI(G21>=12;0,5;1))
```

Namba inayotokea katika H ndiyo unayozidisha na loti ya kawaida kwa tredi inayofuata. Mbinu yako ikiwa na namba nyingine, mipaka nayo itakuwa mingine. Na kama daftari lako halijafika tredi 100, kawaida yako bado hujaijua; baki kwenye loti ndogo kabisa.

2. Pesa inapotelea wapi.

Hapa tukae kidogo. Akaunti ina dola 2,000. Kijana anahatarisha asilimia 1, yaani dola 20. Kwa madalali wengi loti 1.00 ya XAUUSD ni wakia 100, kwa hiyo 0.01 ni wakia moja: dhahabu ikisogea dola moja, akaunti nayo inasogea dola moja. (Fungua Specification ya dalali wako uhakikishe, maana si wote wako sawa.) Stopu iko dola 10 kutoka alipoingia, basi loti ni 0.02. Lengo liko dola 15 mbele. Akipoteza anatoa dola 20, akishinda anaingiza 30.

Anapiga tredi 20, anashinda 13. Faida ni 12.5R, dola 250, na akaunti inasoma 2,250. Hadi hapo kafanya kazi safi, hakuna wa kumlaumu.

Sasa anajiambia soko amelishika, loti ya 0.02 inamchelewesha. Anafungua 0.06. Stopu ile ile ya dola 10, inagongwa: dola 60 zimekwenda. Bado hajashtuka, maana 60 ni ndogo mbele ya 250. Anataka irudi haraka, anafungua 0.10. Stopu inagongwa tena: dola 100. Ya tatu ni 0.10 nyingine, na safari hii bei inapoikaribia stopu anaivuta hadi dola 20, kwa sababu wiki mbili zilizopita kila bei iliyoshuka ilirudi juu. Hairudi. Dola 200.

Jumla ni dola 360. Akaunti ina 1,890, chini ya alipoanzia. Alishinda tredi 13 katika 23, zaidi ya nusu, kwa mbinu inayohitaji 45 tu katika 100, na bado yuko hasarani. Ukisoma safu ya R peke yake utaona -1, -1, -2, vitu vya kawaida. Ugonjwa unaonekana kwenye safu ya loti. Ndiyo maana tunawaambia muiandike nayo.

Geuza sasa. Angebaki na 0.02 bila kugusa stopu, tredi tatu zingemtoa dola 60 na angekuwa na 2,190. Angefuata kanuni akashuka hadi 0.01, angetoa dola 30 na kubaki na 2,220. Tazameni tofauti ya hizo mbili: dola 30 tu. Kwa hiyo msidhani nusu loti ndiyo inayookoa akaunti. Kinachookoa ni kwamba swali la "nipandishe?" limekwisha kujibiwa kabla hujaliuliza. Mtu aliyeambiwa abaki palepale baada ya ushindi 13 atajibishana na nafsi yake kila asubuhi. Mtu ambaye daftari lake limeandika 0,5 hana la kujibishana: ili afike 0.06 inabidi avunje kanuni mara mbili, na anajijua anavunja.

3. "Lakini kama hasara haijapangwa kuja, kwa nini nipunguze?"

Swali zuri, na wanaoliuliza wana haki. Ushindi 13 hauiti hasara. Tredi ya 21 haijui kilichotokea katika 20 zilizotangulia. Anayepunguza kwa sababu "zamu ya kupoteza imefika" amekosea, hata kama atapona.

Tunapunguza kwa sababu mbili nyingine. Ya kwanza ni mtu mwenyewe. Linganisheni katika History siku zenu kumi za kawaida na siku kumi za moto: idadi ya tredi kwa siku inaongezeka, saa za kuingia zinatawanyika, stopu zilizosogezwa zinakuwa nyingi. Mbinu iliyokupa 45 katika 100 siyo tena unayoipiga, ila hujaona.

Ya pili ni soko. Mara nyingi mkono unawaka kwa sababu bei inakwenda upande mmoja, na kila anayenunua anapata. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, ikaendelea kupanda, na tarehe 21 mwezi huo huo ikaanguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja. Aliyekuwa akinunua tu alikuwa na mfululizo wa ushindi hadi siku ile. Kama alikuwa anapandisha loti njiani, loti yake kubwa kuliko zote ilikutana na siku mbaya kuliko zote.

Na gharama ya kupunguza? Ikiwa hakuna kilichobadilika, si wewe wala soko, mbinu yetu inaleta wastani wa 0.125R kwa tredi. Kupiga tredi 10 kwa nusu loti kunakunyima wastani wa 0.625R, dola 12 na senti 50 katika mfano huu. Weka hizo kando ya zile dola 360, halafu uamue.

4. Mambo madogo yanayoharibu kanuni.

Usipunguze hatari kwa kusogeza stopu karibu. Hapo umebadilisha mbinu, utagongwa mara nyingi zaidi, na zile 45 katika 100 hazina maana tena. Stopu inakaa mahali ambapo chati inasema, kinachoshuka ni loti.

Akaunti ndogo zinagonga sakafu ya 0.01. Ukiwa tayari kwenye 0.01 na daftari limesema nusu, punguza idadi: tredi moja kwa siku, na uamue mapema ni kipindi gani. Robo kwenye akaunti ya 0.02 ni hivyo hivyo: 0.01, mara moja kwa siku.

Dhahabu na madini ya fedha zikifunguliwa pamoja upande mmoja zihesabiwe tredi moja, na R moja igawanywe kati yao. Zote mbili mara nyingi zinakwenda kinyume na dola ya Marekani. Mtoto anayesema ameshinda mara sita kumbe ameshinda mara tatu, na atapoteza sita siku moja.

Siku ya ripoti ya ajira ya Marekani, saa 8:30 mchana kwetu (saa 9:30 wao wakiwa kwenye saa za baridi), usiwe na tredi mpya ukiwa katika kipindi cha nusu au robo.

Kurudi kwenye loti kamili ni kazi ya namba katika G, si hisia. Ushindi wa zamani unatoka dirishani kadiri tredi mpya zinavyoingia, na jumla ikishuka chini ya 10R unarudi. Tumeacha pengo kati ya 12 na 10 makusudi, la sivyo utakuwa unapanda na kushuka kila siku. Fomula ya juu hailijui pengo hilo, kwa hiyo ukishaona 0,5 andika kwa mkono pembeni "nusu hadi G iwe chini ya 10". Na katika kipindi chote hicho endelea kuandika R kwa hatari ya tredi yenyewe: kwenye 0.01 R ni dola 10, kwa hiyo aliyepata dola 15 anaandika +1.5.