Tiketi "hairudishwi", lakini aliyefuta ndege ni nani?

Mwambie wakala yeyote wa tiketi hapa Tanga kwamba unataka pesa yako, jibu la kwanza utalijua kabla hajafungua mdomo: "Hii tiketi hairudishwi." Kisha atakugeuzia skrini uone palipoandikwa `NONREF`. Hasemi uongo, maandishi yapo. Ila sharti hilo linamhusu msafiri aliyeghairi safari kwa hiari yake. Shirika likifuta ndege lenyewe, kinachotumika ni sehemu nyingine kabisa ya mkataba, na sehemu hiyo wakala hatakuonyesha usipoiuliza.

Nilijifunza haya kwa tiketi ya shangazi yangu wa Ngamiani. Alikuwa anakwenda Maskati kwenye arusi ya mjukuu wake, arusi Ijumaa, yeye afike Alhamisi. Safari ilikuwa Dar mpaka mji wa kuunganishia, kisha ndege ya pili mpaka Maskati, zote za shirika moja na tiketi moja. Wiki kadhaa kabla ya safari, kijana wa wakala akamwandikia: "Shikamoo mama. Ndege imebadilika kidogo, sasa utafika Jumamosi. Nithibitishe?"

Kidogo! Jumamosi wenzake wanakusanya masufuria.

Shangazi hakujibu, akanitumia ujumbe ule. Na hapo ndipo shauri lote lilipoamuliwa, kwa sababu neno "sawa" lingetuharibia. Kwenye mfumo wa mawakala, sehemu ya safari iliyofutwa na shirika huonekana na alama `UN`, na ile mpya wanayokupangia huja na alama `TK`. Wakala akiikubali kwa niaba yako, inageuka kuwa `HK`, yaani imethibitishwa, na kuanzia hapo shirika linaweza kusema msafiri aliridhia ratiba mpya, akabadili mawazo baadaye. Mtego wa pili ni kumwambia wakala kwa hasira, "Basi futa!" Akifuta buking kabla shirika halijatoa idhini ya marejesho, kumbukumbu inaonyesha msafiri ndiye aliyejiondoa, na ile `NONREF` inapata kazi. Kwa hiyo nilimwomba shangazi ajibu hivi tu: "Ratiba mpya siikubali. Usithibitishe wala usifute chochote. Naandika maombi ya kurudishiwa nauli." Kwa maandishi, si kwa simu.

Kisha nikaomba vitu vitatu: risiti kamili ya tiketi yenye namba ya tarakimu 13, picha ya skrini inayoonyesha ile `UN`, na masharti ya nauli, sehemu ya adhabu. Wakala alisema masharti ni marefu, hayachapiki. Si kweli. Kwa wanaotumia mfumo wa Amadeus, amri ya kuyaona ni fupi: wakishaita nauli kwenye skrini wanaandika `FQN1*PE`. Nilipomwambia hivyo alicheka, akaniuliza nami nina ofisi wapi. Yakaja dakika hiyohiyo, na kiini chake kilikuwa hiki:

```
CANCELLATIONS
ANY TIME
TICKET IS NON-REFUNDABLE IN CASE OF
CANCEL/NO-SHOW.
```

Soma vizuri. Inazungumzia kujitoa na kutotokea uwanjani, na vyote viwili ni vitendo vya msafiri. Hakuna mstari unaosema shirika likifuta ndege linabaki na nauli. Jibu la hilo liko kwenye masharti ya jumla ya usafirishaji, yale ambayo kila shirika huyaweka kwenye tovuti yake na hakuna anayeyasoma. Mashirika mengi yameyaandika kwa kufuata kielelezo kimoja, na mambo ya marejesho huwa kwenye kifungu cha 10. Humo kuna vijisehemu viwili tofauti: marejesho ya hiari, yaani msafiri ameghairi mwenyewe, na marejesho yasiyo ya hiari. Hiki cha pili kinataja hali zake: shirika limefuta ndege, limeshindwa kuirusha kwa ratiba inayokubalika, halikutua pale unaposhukia, au limekukosesha ndege ya kuunganisha. Ikiwa hujatumia sehemu yoyote ya tiketi, unarudishiwa nauli uliyolipa, bila kukatwa ada ya kughairi.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyoonyesha ugomvi ni wa kiasi gani. Shangazi alilipa 1,480,000. Kwenye risiti ya tiketi nauli yenyewe ilikuwa 890,000, tozo ya shirika inayoandikwa `YQ` 260,000, na kodi na ada za viwanja 270,000. Jumla ya tiketi 1,420,000. Zile 60,000 zilizobaki ni ada ya huduma ya wakala, nazo hazimo kwenye tiketi kabisa.

Wakala alianza kwa kutoa 220,000: kodi tu, akiondoa 50,000 aliyoiita ada ya kushughulikia. Kwa tiketi aliyoighairi msafiri, mantiki yake ina nusu ya ukweli, kwani kwa kawaida nauli isiyorudishwa hupotea pamoja na `YQ` inayoifuata, na kinachobaki ni kodi za safari isiyotumika. Ndiyo maana hata kama umeghairi mwenyewe, usiache kudai kodi. Watu wengi wanaziacha kwa kudhani tiketi imekufa yote. Lakini tiketi ya shangazi ilifutiwa ndege, kwa hiyo hesabu ilikuwa 1,420,000 kamili. Tofauti ya milioni moja na laki mbili, yote inategemea nani aliyefuta.

Jambo dogo kuhusu dola. Nauli nyingi za kimataifa hupangwa kwa dola, kisha risiti huonyesha kiasi cha shilingi kilicholipwa kwenye mstari wa `EQUIV`. Dai shilingi hizo zilizoandikwa. Usikubali dola igeuzwe upya kwa kiwango cha siku wanayokulipa kama kiwango hicho kinakupunja.

Barua yangu haikuwa ndefu. Niliipeleka kwa barua pepe ya huduma kwa wateja ya shirika, nakala kwa wakala, na mwili wake ulikuwa hivi:

"Tiketi namba (tarakimu 13), jina la msafiri kama lilivyo kwenye pasipoti. Shirika lenu limefuta ndege ya pili ya tarehe fulani na kupendekeza nyingine inayofika siku mbili baadaye. Msafiri hajaikubali na hajatumia sehemu yoyote ya tiketi. Sehemu ya adhabu katika masharti ya nauli inahusu msafiri kujitoa au kutotokea, na hakuna kati ya hayo lililotokea. Kwa mujibu wa kifungu chenu cha marejesho yasiyo ya hiari, naomba kurudishiwa shilingi 1,420,000 zote, kwa njia ileile ya malipo, si kwa vocha. Naomba idhini hii iandikwe kwenye buking ili wakala aweze kuishughulikia."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ukinunua kwa wakala, mbele ya shirika aliyelipa ni wakala: wewe ulimpa yeye M-Pesa, yeye akalipa shirika kupitia mfumo wa malipo wa mawakala. Pesa itarudi kwa njia hiyohiyo, itue kwake kwanza. Kwa hiyo shirika litakuambia "muone wakala wako", naye wakala atakuambia "tunasubiri shirika", nawe utakuwa mpira kati yao. Njia ya kujitoa ni kulitaka shirika liandike idhini ndani ya buking, kisha kumtaka wakala akuonyeshe kwamba ameiwasilisha. Tiketi ambayo haijatumika huonekana `OPEN`. Marejesho yakishafanyika husomeka `REFUNDED`. Sisi tulikuta bado ni `OPEN` wakati wakala anaapa kwamba amekwisha kuomba, na anachosubiri ni shirika tu. Nilipomtumia picha ya skrini niliyopewa na shirika, ikiwa na idhini juu yake, maneno yalikwisha.

Vocha walitupa pia, tena kwa lugha tamu. Ikubali ikiwa kweli utasafiri na shirika hilo na umeona tarehe ya mwisho ya kuitumia. Shangazi arusi imekwisha, anakwenda nayo wapi? Tena ukishaipokea vocha, dai la fedha taslimu ni gumu kulifufua.

Kuna hali ambazo barua hii haitakusaidia. Ya kwanza inatuhusu sana sisi wa Tanga. Basi likiharibika kati ya Segera na Chalinze ukachelewa ndege Dar, shirika la ndege halihusiki, hata kama una tiketi ya basi mkononi. Unachoweza kuokoa ni kupiga simu kabla ndege haijaondoka, ufute au usogeze safari, kwa sababu masharti mengi yana adhabu kubwa zaidi kwa `NO-SHOW` kuliko kwa aliyetoa taarifa, na kutotokea ndege ya kwanza kwa kawaida kunafuta na ile ya kurudi. Mimi wazee wangu nawalaza Dar usiku mmoja kabla.

Ya pili ni tiketi iliyokwisha kutumika upande mmoja. Ndege ya kurudi ikifutwa, usitarajie nusu. Kanuni ya kawaida ni ulicholipa, toa nauli ya safari uliyokwisha kuifanya, na nauli ya kwenda peke yake mara nyingi inazidi nusu ya nauli ya kwenda na kurudi. Hapo mara nyingi ni heri kudai upangiwe ndege nyingine kuliko kudai pesa.

Kama safari yako inaanzia nchi ya Umoja wa Ulaya, una nguvu zaidi: sheria yao namba 261 ya mwaka 2004 inataka fedha zirudi ndani ya siku 7 ndege ikifutwa, shirika liwe la nchi yoyote. Kwa safari zinazoanzia hapa kwetu, shirika lisipojibu, peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA-CCC, lililoundwa kwa ajili ya abiria. Ambatanisha barua yako ya kwanza na majibu yao. Bila hayo utaambiwa urudi ukaanze na shirika. Aliyelipa kwa kadi ana mlango wa ziada, anaweza kuyapinga malipo kupitia benki yake. Aliyelipa lipa namba hana mlango huo, basi atunze ujumbe wa muamala na adai risiti yenye jina la ofisi.

Shangazi alilipwa 1,420,000 yake. Zile 60,000 za huduma wakala hakuzirudisha, na sikuzidai, kwa kuwa kwenye ankara aliyosaini shangazi ziliandikwa wazi kuwa ni za kazi ya kukata tiketi, na tiketi aliikata. Ile 50,000 ya "kushughulikia" haikuandikwa popote, kwa hiyo hiyo hakuipata.