Stori ya jana imeenda wapi?

"Jana niliweka bei za safari ya Manda Toto kwenye stori ya Instagram, leo sizioni. Ndo zimefutika?"

La dada, unazo bado. Wanaosema kwamba saa 24 zikiisha stori inaondoka, ni kweli kwa upande wa wateja tu. Ingia profaili, gusa mistari mitatu, kisha Archive. Utaikuta, ilimradi hukuzima kuhifadhi. Ifungue, gusa Highlight, itakaa kwenye profaili mpaka uitoe mwenyewe. Lakini bei hasa ziweke posti ya kawaida, mgeni wa Shela azikute hata mwezi ujao. Stori iachie ya leo: "Jahazi linaondoka saa nne, nafasi mbili zimebaki." Tena stori inakuonyesha majina ya walioitazama, posti haionyeshi.