Mwanangu, jina langu liko wapi?

Juzi mteja wangu wa Unguja, mama anayeuza viungo, alinipigia simu akiwa amesimama ng'ambo ya barabara, akilitazama bango lake jipya la upana wa mita 3. Akaniuliza: "Mwanangu, jina langu liko wapi?" Jina lilikuwepo, ila kutoka pale aliposimama hakuliona. Bango nimelichapisha upya kwa pesa yangu, na kazi ya vifungashio iliyokuwa ifuate kapewa mtu mwingine. Bado inaniuma.

Nembo yake niliichora mwenyewe: kikonyo cha karafuu na jina kwa herufi nyembamba, rangi ya machungwa `#E67E22`. Ili kumwonyesha itakavyokaa mahali halisi, niliiagiza akili mnemba itengeneze picha za mandhari zenye nembo ndani yake. Zilitoka sita, zote za kuvutia, na karibu zote za Forodhani usiku. Mama akafurahi, nami nikavimba kichwa.

Kosa langu lilianzia hapo. Ukiiambia programu iweke nembo ndani ya picha, inaichora upya. Inanenepesha herufi, inazidisha mwanga wa rangi, inatia giza nyuma ya jina ili picha ipendeze. Unachokipima hapo ni ustadi wa programu, wala si nembo yako. Siku hizi naagiza mandhari tupu, kisha naipandisha juu yake nembo yenyewe kutoka faili la vekta, kwa ukubwa uleule kwenye picha zote.

Mandhari ni tatu: ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe mchana, Forodhani usiku, na meza ya viungo Darajani. Napima tofauti ya mwangaza kati ya nembo na kilicho nyuma yake. Kipimo cha WCAG, ule mwongozo wa kurasa za wavuti, huenda kutoka 1 hadi 21, na hutaka walau 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa makubwa. Nembo zimesamehewa sharti hilo, lakini jicho la mpita njia halisamehi. Ile rangi ya machungwa juu ya nyeusi inapata zaidi ya 7. Juu ya nyeupe inapata 2.85 tu. Kumbe Forodhani ilikuwa imenificha udhaifu wote.

Darajani ndiko mtihani wenyewe, na ndiyo picha tuliyoichapisha. Hapo wastani wa picha nzima haukusaidii kitu. Chukua rangi ya sehemu yenye mwanga zaidi chini ya herufi, kisha ya sehemu yenye giza zaidi, upime zote mbili. Kwenye fungu la manjano tofauti ilikuwa 1.3, yaani herufi mbili za katikati zilikuwa zimezama kabisa.

Nikajaribu nembo nyeupe juu ya utando mweusi. Ili nyeupe isomeke kwa 4.5 hata pale penye gunia jeupe, utando unahitaji uzito wa asilimia 54 hivi, na viungo vikageuka rangi ya tope. Hata hivyo jina lilisomeka kwa shida, kwa sababu vipande vya pilipili kavu vilikuwa na unene uleule wa mistari ya herufi, na jicho likashindwa kutenganisha kipi ni herufi na kipi ni pilipili. Hilo huwezi kuliona kwenye namba. Utaliona ukiitia picha ukungu kidogo: jina likiyeyuka pamoja na pilipili, mahali hapo hapafai.

Dawa ni kuomba utulivu ndani ya maelekezo yenyewe. Usiandike "isiwe na maandishi", maana mara nyingi kulitaja neno hilo ndiko kunakoleta vibao vya maduka. Eleza kile unachotaka kiwepo:

```
spice stall at midday, turmeric and dried chillies
in the lower half, plain shaded wall across the
upper half, soft focus
```

Viungo vikabaki chini na rangi zao, ukuta wenye kivuli ukakaa juu, na nembo nyeupe ikapata pa kupumulia bila utando.

Kisha tazama kwa umbali wa kweli. Bango la mita 3 likitazamwa kutoka mita 30 huonekana sawa na kitu cha sentimita 6 kwenye skrini iliyo sentimita 60 kutoka usoni. Basi lipunguze bango zima hadi sentimita 6, umwite mtu asiyelijua jina alisome. Wewe uliyelichora usijiamini. Utalisoma hata pale lisipoonekana.

Na msifanye kama nilivyofanya, kumtumia mteja picha nzuri tu. Mimi sasa naanza kumwonyesha ya Darajani, kisha ya ukuta wa chokaa. Ya Forodhani huja mwisho.