Mshahara mmoja, miradi mitatu: asilimia 115 zinavyojificha kwenye vitabu

Mzee mmoja mhasibu, mtu mwangalifu na mwenye faili safi kuliko wengi niliowahi kukagua hapa Mombasa, aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nianze kazi hii. Tulikuwa katika ofisi ya shirika lake, Ganjoni, na mbele yetu ilikuwa orodha ya mishahara. "Mwanangu," akaniambia, "huyu afisa kazi amefanya, pesa amelipwa, kodi tumepeleka. Gharama hii utaikataaje?"

Nilimjibu kwamba sikuwa na shaka kuwa afisa alilipwa. Nilichotaka kujua ni mradi upi ulistahili kumlipa, na kwa kiasi gani. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya wahasibu walio pale alipokuwa mzee huyo. Nimeona mashirika ya Pwani yakirudisha pesa nyingi kwa jambo hili moja kuliko kwa risiti zilizopotea.

Afisa mwenyewe alishughulikia ufuatiliaji na tathmini. Mshahara wake kabla ya makato ulikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Juu yake mwajiri aliongeza mchango wake wa NSSF, shilingi 2,160 kwa viwango vya mwaka 2024, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao ni shilingi 2,250, na shilingi 50 za tozo ya mafunzo ya NITA. Gharama kamili kwa shirika ikawa shilingi 154,460. SHIF, bima ya afya iliyoanza Oktoba 2024, haiongezi chochote hapo kwa sababu mfanyakazi ndiye anayekatwa, na tayari imo ndani ya zile 150,000. Nimeona mashirika yakiijumlisha upya kama mchango wa mwajiri. Hilo ni kosa dogo, lakini likirudiwa kila mwezi kwa kila mfanyakazi huwa donge zito.

Afisa huyo alitumikia miradi mitatu: wa maji kule Kwale, wa vijana Kilifi, na wa akina mama wa Likoni. Kila mradi una mfadhili wake, na kila mfadhili humtuma mkaguzi wake. Mimi nilitumwa na mfadhili wa maji. Faili nililopewa halikuwa na pengo: mkataba wa kazi, hati ya mshahara, uthibitisho wa benki, na risiti ya PAYE iliyolipwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi uliofuata. Bajeti ilisema asilimia 50 ya mshahara wa afisa, na leja ilionyesha asilimia 50, yaani shilingi 77,230 kila mwezi.

Hapo ndipo mkaguzi anapoweza kutia saini na kwenda zake. Mimi huomba kitu kimoja zaidi: leja ya mishahara ya shirika zima, si ya mradi wangu peke yake. Huchukua jina moja na kujumlisha kila senti iliyoandikwa dhidi yake katika miradi yote kwa mwezi mmoja. Kwa Oktoba 2024 nilikuta maji asilimia 50, vijana asilimia 40, akina mama asilimia 25. Jumla ni asilimia 115. Shirika lilimlipa mtu shilingi 154,460 na kuwadai wafadhili watatu shilingi 177,629.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Sina shaka kwamba hakuwa mwizi. Bajeti hizo tatu ziliandikwa miaka tofauti na watu tofauti, kila mmoja akikisia muda wa afisa bila kuangalia wenzake walikisia nini. Pesa zilipoanza kuingia, mhasibu alifuata bajeti kama alivyoagizwa. Basi ugonjwa wenyewe ni huo: bajeti ilishika nafasi ya ushahidi.

Wafadhili wakubwa wanaelewana katika jambo hili. Masharti ya ruzuku za Umoja wa Ulaya yanataka gharama iwe imetokea kweli, iweze kutambulika na kuthibitishwa, na isiwe imelipiwa na ruzuku nyingine. Kanuni za serikali ya Marekani, 2 CFR 200.430, zinasema waziwazi kwamba makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa ushahidi wa mshahara. Zinaruhusu kuyatumia kwa muda, mradi baadaye ulinganishe na kazi iliyofanyika na urekebishe vitabu. Kwa hiyo kuandika asilimia 50 mwezi wa kwanza si dhambi. Tatizo ni kuiacha asilimia 50 mpaka ripoti ya mwisho bila kuigusa.

Kazi iliyofanyika inaonekana kwenye karatasi ya saa za kazi, ile ambayo ofisini tunaiita taimshiti. Oktoba 2024 ilikuwa na siku 23 za Jumatatu hadi Ijumaa. Tarehe 10 ilikuwa sikukuu, na Mashujaa ya tarehe 20 iliangukia Jumapili, kwa hiyo mapumziko yakasogea Jumatatu tarehe 21. Zikabaki siku 21. Afisa alichukua likizo ya siku 2, akafanya kazi siku 19 za saa 8, yaani saa 152. Aliandika saa 57 kwa maji, saa 57 kwa vijana na saa 38 kwa akina mama. Hizo ni asilimia 37.5, 37.5 na 25. Zile siku 2 za likizo yenye malipo zinagawanywa kwa uwiano huohuo. Hakuna mradi unaozibeba peke yake, wala hakuna unaozikwepa.

Ukizidisha, mradi wa maji ulistahili kubeba shilingi 57,922.50, nao ulidaiwa 77,230. Ziada ni shilingi 19,307.50. Mradi wa vijana ulizidishiwa shilingi 3,861.50. Wa akina mama ulikuwa sawa. Ukijumlisha ziada hizo mbili unapata 23,169, tofauti ileile kati ya 177,629 na 154,460. Hesabu ikifunga hivyo ndipo ninapojua kwamba nimelifikia shina la tatizo na hakuna kingine kilichojificha chini yake.

Oktoba hadi Desemba zilikuwa hivyo: kosa la kukokotoa, lenye karatasi za kuaminika za kulisahihisha. Julai hadi Septemba zilinisikitisha zaidi. Taimshiti za miezi hiyo zilikuwepo, zimejazwa vizuri na kutiwa saini. Lakini chini ya kila fomu paliandikwa kwamba ni toleo la Oktoba 2024. Fomu ya Oktoba haiwezi kuwa ilijazwa Julai. Nikatazama zaidi. Tarehe 14 Agosti, taimshiti ilisema afisa alikuwa Lunga Lunga siku nzima akikagua visima, ilhali daftari la mahudhurio la semina ya vijana Kilifi lilikuwa na saini yake siku hiyohiyo. Kitabu cha safari cha gari hakikuonyesha safari yoyote ya kwenda upande wa Lunga Lunga, iwe ya kuvuka Likoni au ya kupitia Dongo Kundu. Karatasi ya mwenzake mmoja ilikuwa na saa 8 za kazi tarehe 21 Oktoba, siku ambayo ofisi ilifungwa.

Nakuomba sana, ndugu mhasibu, usijaze taimshiti za nyuma ukisikia mkaguzi anakuja. Najua shinikizo hilo, maana nami niliwahi kukaa upande huo wa meza. Lakini karatasi iliyokosekana ni upungufu, na karatasi ya kutungwa ni udanganyifu. Mkaguzi akiigundua moja, hawezi tena kuiamini ya pili, hata ikiwa ya kweli. Miezi ile mitatu nililazimika kuandika mshahara wote wa afisa katika mradi wa maji kuwa hauna ushahidi: mara tatu 77,230, yaani shilingi 231,690. Tena gharama za uendeshaji zilidaiwa kwa asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, hivyo shilingi 16,218.30 nyingine zikafuata. Watu wengi husahau mkia huo.

Kama huna taimshiti kabisa, sema huna, kisha kusanya vilivyozaliwa wakati ule: ripoti za safari, barua pepe zenye tarehe, madaftari ya mahudhurio, vitabu vya safari za gari, kalenda ya ofisi. Ukaguzi wetu ulikuwa wa taratibu zilizokubaliwa, chini ya kiwango cha kimataifa cha ISRS 4400, na katika ukaguzi wa aina hiyo mimi huripoti nilichokuta. Sitoi maoni, na si mimi ninayeamua pesa irudishwe. Anayeamua ni mfadhili, na ushahidi mbadala ulioelezwa kwa ukweli unampa kitu cha kupima.

Kinachozuia haya yote ni jedwali moja la shirika zima. Mstari mmoja ni wa mfanyakazi, safu moja ni ya mradi, na safu ya mwisho ni jumla, ambayo haivuki 100. Jedwali hilo lifunguliwe mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya kutuma ombi jipya la ruzuku, ili anayeandika bajeti aone muda wa afisa uliobaki. Mara ya pili ni kila mwisho wa mwezi, taimshiti zikishaingia, ili uwiano halisi ndio uingie kwenye leja. Taimshiti yenyewe ijazwe na mfanyakazi mwenyewe, ionyeshe saa zake zote na si za mradi mmoja tu, na msimamizi anayeijua kazi yake aisaini ndani ya juma la kwanza la mwezi unaofuata. Karatasi inayoonyesha saa za mradi wa maji peke yake haina msaada kwangu, kwa sababu asilimia 115 hujificha palepale pasipoonekana.

Kuna swali litakaloulizwa na kila mkurugenzi: zile asilimia ambazo hakuna mradi unaozibeba atalipa nani? Kama afisa alitumia siku tatu kuandika maombi ya ruzuku mpya, saa hizo zina safu yake, safu ya shirika, na hulipwa kwa mapato ya shirika lenyewe. Kuzisukuma kwenye mradi wenye salio ndiko kunakozaa ripoti kama yangu.

Mzee yule hakubishana na hesabu. Mradi wa vijana ulikuwa bado unaendelea, kwa hiyo aliandika ingizo la marekebisho kwenye leja kabla ya ripoti yake ya mwisho, akamwandikia mfadhili wake kabla hajaulizwa. Kwa mradi wa maji, ule wa Julai hadi Septemba, walikusanya ripoti za safari na vitabu vya gari, wakaeleza kwa barua kwamba taimshiti zilijazwa baadaye. Mfadhili alikubali sehemu ya siku zilizothibitika, na iliyobaki akaidai. Shirika liliilipa kwa kodi inayopata kutokana na kukodisha ukumbi wake.